Kabla hujakabidhi faili za wateja, anza na wahandisi

"Ninastaafu tarehe 31 Machi, zimebaki wiki tano. Nasimamia wateja wa kampuni kwa dalali wa bima, na nina wateja 27. Bosi ameniomba waraka wa makabidhiano usiozidi kurasa mbili: jina la mteja, tarehe ya kuhuisha, masuala yaliyobaki. Nimeshauandika. Mfano: 'Kiwanda cha vifungashio: 1 Julai. Mapendekezo ya mkaguzi wa moto yanafuatiliwa.' 'Wahandisi washauri: 15 Aprili. Hakuna dai.' Hawa wahandisi walinipigia Januari kuhusu mteja wao anayelalamikia mchoro wa jengo, ila hajadai pesa, kwa hiyo sikuliandika. Anayenirithi ni kijana mwelewa, lakini ametokea bima za magari ya watu binafsi. Tarehe zote zimo kwenye mfumo. Je, waraka huu unatosha?"

Ndugu yangu, kabla hatujaufikia waraka wenyewe, naomba uweke chini ulichoshika uwapigie hao wahandisi leo. Waombe wakuandikie barua pepe inayoeleza malalamiko waliyokutajia Januari, waambatanishe barua au ujumbe wowote walioupokea, na wakuruhusu kwa maandishi kuyapeleka kwa kampuni ya bima. Yakikufikia jioni, yapeleke jioni hiyohiyo. Nitaeleza kwa nini, maana mstari huo mmoja unaonyesha vizuri kuliko mwingine wowote kile ambacho waraka wako bado haujasema.

Bima nyingi tulizozoea hufuata siku ya tukio. Gari likigongwa leo au ghala likiungua leo, bima inayolipa ni ile iliyokuwa hai leo, hata kama makaratasi yatakamilika mwakani. Huko ndiko kijana wako alikotoka. Bima ya dhima ya kitaaluma, wanayokata wahandisi, wanasheria, wakaguzi wa hesabu na washauri wengine, kwa kawaida haiendi hivyo. Inayolipa ni bima iliyokuwa hai siku mtu alipomdai mteja wako na kampuni ya bima ikaarifiwa, hata kama kosa lenyewe lilifanyika miaka minne nyuma, ilimradi kazi hiyo haikutangulia tarehe ya nyuma iliyowekwa kwenye hati. Na kwa kuwa ugomvi wa kitaaluma huchukua muda kukomaa, hati nyingi za aina hii huacha mlango wa pili. Mteja akiarifu, wakati bima ingali hai, juu ya hali inayoweza kuzaa dai, basi dai likija baada ya mwaka au miwili litahesabiwa kana kwamba lilikuja siku ile ya arifa. Mlango huo hufungwa siku bima inapoisha. Kwa wahandisi wako ni 15 Aprili, wiki mbili baada ya wewe kuondoka.

Tuseme hakuna aliyearifu. Kijana wako anawatumia wahandisi fomu ya kuhuisha, na ndani yake mna swali kama wanafahamu jambo lolote linaloweza kuleta dai. Wakijibu ndiyo, bima mpya itaandikwa huku jambo hilo likiwekwa nje ya kinga. Wakijibu hapana, wamejibu isivyo kweli, na siku ya dai kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Juni mwenye jengo anapeleka madai yake. Bima ya zamani inasema kipindi kimefungwa na haikuarifiwa chochote. Bima mpya inasema jambo hili mlilijua kabla hamjaingia. Kampuni ambayo haijawahi kukosa kulipa ada inabaki katikati, haina pa kushika, na swali la kwanza mwanasheria wao atakalouliza ni walimweleza nani Januari.

Sasa usome tena mstari wako: "15 Aprili. Hakuna dai." Hakuna uongo ndani yake. Lakini mrithi wako akiusoma ataona mteja mtulivu, na faili hilo ataliweka chini ya mengine.

Ukishapata barua yao, arifa yenyewe haihitaji ufundi mwingi. Eleza ni mradi gani, nani analalamika, analalamikia nini, mteja wako alilijua lini kwa mara ya kwanza, na dalili yoyote ya kiasi cha hasara kama ipo. Ambatanisha ushahidi ulionao. Omba kampuni ya bima ikujibu kwa maandishi kwamba imepokea na kwamba imelihesabu kuwa arifa ya hali inayoweza kuzaa dai, kwa maneno yaleyale yaliyotumika kwenye hati. Kupokelewa tu hakutoshi. Nimeona arifa iliyojibiwa kwa "asante, tumepokea", halafu baadaye ukazuka ubishi kama ilikuwa arifa au taarifa ya kawaida. Tarehe ya kwanza ya kulijua iandike ilivyo, yaani Januari. Hati nyingi hutaka taarifa mapema iwezekanavyo, na kuchelewa kwa wiki kadhaa ni jambo linaloweza kujadiliwa. Tarehe iliyosogezwa mbele haijadiliki, kwa kuwa barua pepe za wahandisi wenyewe zitaifichua.

Na simu waliyokupigia haikuwa arifa. Wateja wengi hudhani kumwambia dalali ni sawa na kuiambia kampuni ya bima. Kwa kawaida dalali ni wakala wa mteja, kwa hiyo aliyoambiwa yanabaki upande wa mteja mpaka yeye ayafikishe kwa kampuni ya bima. Waambie pia wahandisi wasikiri kosa, wasiahidi kuchora upya bure, wala wasisamehe ankara yao ili kumtuliza mwenye jengo, kabla kampuni ya bima haijakubali. Watu waungwana hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, na masharti mengi ya bima hii yanakataza.

Kuhusu kuhuisha kwao, una njia mbili. Unaweza kuomba bima iliyopo iongezwe siku 30 ili mrithi apate pumzi, au uimalize kazi mwenyewe kabla ya 31 Machi na umwachie kukusanya malipo na kupokea hati. Mimi ningeimaliza mwenyewe. Nyongeza ya muda si haki ya mteja bali ni hisani ya kampuni ya bima. Huja na malipo yake, na baada ya arifa kama hii huenda wakaikataa. Mpima hatari atakuwa na maswali mengi mwaka huu, bei inaweza kupanda, na mwenye majibu ni wewe. Mweleze mteja hilo mapema ili ada mpya isimjie kama adhabu ya kusema ukweli. Kupanda kwa ada ni mzigo wa mwaka mmoja au miwili, lakini dai lisilo na bima linaweza kuifunga ofisi yao.

Tuje kwenye hizo tarehe zilizomo kwenye mfumo. Mfumo unajua siku bima inapokufa. Haujui siku kazi inapoanza, na kwa mteja wa kampuni siku hizo mbili huachana kwa miezi. Kwa gari la mtu binafsi, mwenye gari hupigiwa simu wiki moja kabla, analipa, mambo yamekwisha. Bima ya kiwanda ya mwaka mmoja haijihuishi yenyewe. Inaisha, na inayofuata ni mkataba mpya. Kwa hiyo mteja anarudi kwenye wajibu wa kueleza upya kila jambo lenye uzito kwa anayepima hatari: mashine mpya, jengo lililoongezwa, bidhaa iliyobadilika, ajali ambazo hata hazikudaiwa. Mambo hayo hayakusanywi kwa wiki moja. Na usimwache kijana aamini kwamba zipo siku za neema baada ya bima kuisha. Kama hazikuandikwa kwenye hati, azihesabu kuwa hazipo.

Mchukue huyo mteja wa vifungashio wa 1 Julai, tuhesabu kurudi nyuma. Siku 120 kabla ni 3 Machi, na hapo ndipo inapoombwa rekodi ya madai ya miaka mitano kutoka kwa kampuni ya bima, na mteja anaombwa thamani mpya za majengo, mitambo na shehena. Siku 90 kabla ni 2 Aprili, ambapo taarifa zote zinapaswa kuwa mezani ili ziandaliwe na kupelekwa sokoni. Siku 60 kabla ni 2 Mei, na bei za awali zianze kurudi. Tarehe 1 Juni, siku 30 kabla, mteja awe ameketi na ripoti yenye ulinganisho, kwa sababu bodi yake nayo ina ratiba yake. Tarehe 17 Juni atoe agizo lake kwa maandishi, ili zibaki wiki mbili za malipo na hati. Idadi ya siku inaweza kubadilika kulingana na ukubwa wa mteja, na mteja mdogo mwenye ofisi moja hahitaji zaidi ya siku 45. Lakini ona hiki: hatua ya kwanza ya kiwanda inaangukia ndani ya wiki zako tano. Mrithi akisoma "1 Julai" kwa mazoea aliyotoka nayo, ataanza katikati ya Juni, na wakati huo kampuni ya bima ndiyo itakayopanga bei peke yake, maana hakutakuwa na muda wa kutafuta nyingine.

Kwa hiyo badilisha mpangilio wa waraka. Usiupange kwa alfabeti wala kwa tarehe ya kuhuisha. Upange kwa tarehe ya kitendo kinachofuata. Mteja wa Novemba ambaye lazima awasilishe taarifa ya mishahara ifikapo 10 Aprili anakaa juu ya mteja wa Julai ambaye hana jambo hadi Mei. Bosi wako atapata kurasa zake mbili: hizo ndizo za mbele, orodha ya vitendo kwa tarehe zake. Nyuma yake weka nusu ukurasa kwa kila mteja mwenye suala lililo wazi. Katika wateja 27 nadhani hawatazidi kumi. Waliobaki watatosha kwa mstari mmoja, na hata usijisumbue kuwarembesha.

Ukiandika tarehe ya kuhuisha, ichukue kwenye hati yenyewe, si kwenye mfumo. Mifumo mingine huonyesha siku ya mwisho ya bima ya zamani, mingine siku ya kwanza ya mpya, na hati nazo hutofautiana: kuna inayoisha usiku wa manane wa tarehe 30, na kuna inayoisha saa kumi alasiri ya tarehe 1. Nilipopokea kundi langu la kwanza la wateja niliukuta waraka umeandikwa "31 Desemba" kwa mteja mwenye maghala. Mfumo nao ulisema hivyohivyo. Nilipofungua hati, bima ya moto ilikuwa ya 31 Desemba kweli, lakini bima ya wizi ilikuwa hati nyingine iliyoanza katikati ya mwaka, nayo inaisha 30 Septemba. Ilikuwa tarehe 26 Septemba. Niliomba kinga ya muda kwa simu, kisha kwa barua pepe ndani ya saa hiyohiyo, na siku nne zile sikulala vizuri. Aliyenitangulia alikuwa mtu makini. Aliandika tarehe ya mteja tu, akasahau kwamba mteja mmoja ana bima tano, na kila moja ina kalenda yake.

Sasa yale masuala yaliyobaki. Neno "yanafuatiliwa" liondoe kwenye waraka wote. Halimwambii msomaji mpira uko kwa nani, wala lini mambo yataharibika. Kila suala lilo wazi liandikwe kwa kujibu mambo manne: limefika wapi, nani anasubiriwa, tarehe ipi inafuata, na nini kitapotea tarehe hiyo ikipita. Hilo la nne ndilo watu hulisahau zaidi, na ndilo linalomfanya mgeni ajue alishike lipi kwanza.

Chukulia hayo mapendekezo ya mkaguzi wa moto. Sijui ripoti yenu inasema nini, ila kwa kiwanda cha vifungashio, chenye maboksi, gundi na wino, mara nyingi mambo ni yaleyale: shehena imepangwa hadi karibu na dari, mlango wa moto unazuiwa na mizigo, nyaya za umeme hazijapimwa. Mpima hatari wa kampuni ya bima aliposoma ripoti aliyagawa mafungu mawili, hata kama barua yake haikusema hivyo wazi. Kuna ushauri, ambao mteja akiupuuza atapoteza punguzo au sura nzuri. Na kuna masharti, ambayo yasipotimizwa kwa siku iliyotajwa kinga yenyewe inasimama au dai la moto linaweza kukataliwa. Kama barua ya kampuni ya bima ina maneno kama "ndani ya siku 60" au "kinga inategemea", hilo ni fungu la pili. Kwa hiyo maandishi yako yafanane na haya:

"Kiwanda cha vifungashio. Bima ya moto, inaisha 30 Juni usiku wa manane. Ukaguzi ulifanyika Januari, una mapendekezo 6. Manne ni ushauri. Mawili ni masharti, na mwisho wake ni 20 Aprili: kupima nyaya za umeme na kuondoa shehena mbele ya mlango wa moto wa ghala la 2. Shehena imeshaondolewa mlangoni, picha zimo kwenye faili. Nyaya bado, meneja wa matengenezo anasubiri fundi aliyesajiliwa, ameahidi cheti ifikapo 8 Aprili. Mpigie tarehe 6. Cheti kisipofika hadi tarehe 14, omba nyongeza ya muda kwa maandishi kabla ya tarehe 20, si baada yake. Bila hivyo moto utakaoanzia kwenye umeme unaweza kukosa kulipwa. Mkurugenzi wa fedha hajui kwamba hili ni sharti. Anadhani ni ushauri."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyo kichwani mwako, haimo kwenye mfumo wowote. Kila ulipoandika "yanafuatiliwa" kuna sentensi kama hiyo inayokungoja. Keti na kila faili, jiulize: ni kitu gani ninachokijua kuhusu mteja huyu ambacho kijana akikijua kwa kuchelewa atanilaumu?

Mara nyingi jibu litakuwa ahadi. Ulimwambia mteja mwaka jana kwamba mwaka huu utampunguzia kiasi anachojibebea kwenye kila dai. Ulimkubalia mwingine alipe ada kwa awamu tatu kwa simu tu. Ulimwambia wa tatu kwamba gari lake jipya limo kwenye bima, na hujaona waraka wa nyongeza ukirudi. Ahadi ya aina hii ni deni la ofisi hata kama wewe haupo. Ambazo unaweza kuzikamilisha kabla ya 31 Machi zikamilishe. Usizoweza, ziandike kwa maneno uliyoyasema kweli, na uwataarifu wateja hao kwa barua pepe fupi kwamba umemwambia anayepokea. Pitia pia ujumbe wa simu yako binafsi. Kama mteja alikuagiza jambo kwa ujumbe wa simu, agizo hilo liingie kwenye faili sasa, maana namba yako utaondoka nayo.

Nikiwa hapo kwa huyo wa vifungashio, kuna jambo moja la thamani ambalo nakuomba ulitazame, kwa kuwa linakaa kimya miaka mingi. Kama mitambo imeandikishwa kwa thamani ya zamani, hasara ndogo nayo hulipwa nusunusu. Tuseme mitambo ina thamani ya 100 leo, bima ni ya 60, na moto umeharibu sehemu ya 20. Mteja anadhani 20 iko ndani ya 60, kwa hiyo atalipwa yote. Chini ya kanuni ya uwiano iliyomo kwenye hati nyingi za mali, atalipwa 60 kwa 100 ya hasara, yaani 12, na 8 ataibeba mwenyewe. Ikiwa ulishamwambia mteja na akakataa kupandisha thamani, andika tarehe uliyomwambia na jibu lake. Ikiwa hujamwambia, mwambie katika barua ya kuomba taarifa ya 3 Machi.

Yapo pia ya kuacha nje. Maoni yako kuhusu tabia ya watu, kwamba huyu mkali, yule mbahili, yaseme kwa mdomo ukiona yanasaidia. Mteja anaweza siku moja kuomba kuona kilichoandikwa juu yake, na faili linaweza kufika mahakamani. Taarifa za afya za wafanyakazi walio kwenye bima ya matibabu ya kundi usizinakili kabisa kwenye waraka. Andika tu faili lilipo na nani ana ruhusa ya kulifungua.

Sasa jambo gumu kidogo. Ukipitia faili kwa utaratibu huu, kuna uwezekano wa kukuta kosa lako mwenyewe: arifa iliyochelewa, nyongeza ambayo haikutumwa, tarehe iliyopita. Hilo la wahandisi tayari limo ukingoni. Usilizike ndani ya waraka kama mstari wa kawaida ukitumaini mrithi atalirekebisha, na usimwandikie mteja barua ya kukiri kosa au kuahidi kumlipa. Mwendee bosi wako ana kwa ana, siku hiyohiyo, na karatasi mkononi. Ofisi yenu nayo bila shaka ina bima yake ya dhima ya kitaaluma, nayo kwa kawaida hufuata kanuni ileile niliyoieleza juu: lazima iarifiwe wakati ingali hai, na isiathiriwe na kukiri kusikoruhusiwa. Ukinyamaza kwa sababu zimebaki wiki tano, unaifanyia ofisi yako kile ambacho wahandisi wangefanyiwa. Mkiona kuna dai tayari, au kampuni ya bima imeshaanza kukataa kinga, hapo mshirikisheni mwanasheria wa bima kabla hamjaandika neno jingine. Mimi nikiwa mbali siwezi kuisoma hati yenu wala sheria inayoitawala, na mambo haya huamuliwa na maneno ya hati.

Kuhusu wiki hizi tano, nenda na kijana kwa wateja wote ambao bima zao zinaisha ndani ya siku 90 baada ya kuondoka kwako, na kwa kila mwenye dai lililo wazi. Mwache yeye aongoze mazungumzo kuanzia ziara ya pili, wewe ukae pembeni. Wengine watatosha kwa barua ya pamoja yenye sahihi zenu nyote wawili. Waraka wenyewe mpe mapema, tarehe 10 Machi hivi, ukiwa haujakamilika. Mwambie ausome peke yake na akuletee maswali, kisha kila swali atakalouliza lijibu ndani ya waraka badala ya kumjibu kwa mdomo tu. Mkimaliza, wekeni tarehe na sahihi, nakala moja abaki nayo bosi.

Ila hayo yote ni ya kuanzia wiki ijayo. Leo ni wahandisi.